Magadi Makavu

Chuo kilipofungwa na serikali, sisi mafundi wa maabara hatukufungwa nacho. Wanafunzi walipewa saa chache wabebe vitu vyao waende makwao, na kila mmoja akaambiwa atakuwa akiripoti kwa chifu wake kila wiki atie sahihi. Walimu nao wakakaa nyumbani. Lakini friji ya dawa haijui siasa, na mitungi ya gesi haiendi likizo, kwa hivyo sisi tukaambiwa tuendelee kuja. Tulikuwa watano. Wiki ya kwanza haijaisha wenzangu wakaanza kuugua kwa zamu, huyu tumbo, yule mgongo, na mwishowe kwenye ile ghorofa ya pili, upande wa kemia, nikabaki mimi na milango.

Nilikuwa natoka Maringo asubuhi na mapema, kwa miguu. Nikishika Jogoo Road nakuwa katikati ya wanaume wa kwenda kazi Industrial Area, tunatembea pamoja kama kanisa zima, lakini hakuna anayemsemesha mwenzake. Halafu wao wanakata kushoto, mimi naendelea peke yangu mpaka mjini. Kwenye geti la chuo kulikuwa na askari mmoja, mtu wa Magharibi, mwenye koti refu na maneno mengi. Siku hizo yeye ndiye binadamu pekee niliyeongea naye kutoka asubuhi mpaka jioni.

"Mama Gesi," alikuwa akiniita, "bado unakuja tu? Wenzako wote wameshikwa na malaria."

"Mimi yangu niliimaliza nikiwa mtoto."

"Haya, ingia. Lakini ukisikia mtu anakuita jina huko juu, usiitike. Hakuna mtu."

"Wewe chunga geti," namwambia. "Huko juu kuna anayenichunga."

Alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa nasema kweli. Lakini hata mtu anayeomba kila siku anaweza kukaa kwenye chumba chenye viti arobaini vilivyopinduliwa juu ya meza na akasikia jinsi viti vilivyo vingi.

Nyumbani pia kulikuwa kimya. Mume wangu alifariki mtoto wa mwisho akiwa darasa la tatu. Msichana wangu aliolewa Voi, kijana yuko bweni Machakos. Vyumba viwili vya kansela, zile nyumba za baraza la jiji, ambavyo zamani tulikuwa tunapishana mlangoni kama watu wa sokoni, sasa nilikuwa navipigia deki na hakuna wa kuvichafua.

Niliingia maabara kama mwoshaji wa vyombo. Vyombo vya kioo, namaanisha: flaski, bika, kondensa. Jioni nilikuwa napita Majengo naenda darasa la watu wazima kwenye ukumbi wa Pumwani, najifunza Kiingereza, hesabu na sayansi kidogo, mpaka nikapata cheti. Lakini si cheti kilichonipandisha. Nilipandishwa kwa sababu ya ukavu. Daktari wetu, yule mwalimu niliyemfanyia kazi miaka yote hiyo, alikuwa anapenda kutengeneza vitu ambavyo tone moja tu la maji linaviua. Na yeye aliona kwamba flaski nilizoosha mimi zikitoka kwenye oveni zinakuwa kavu kabisa, na kazi yake inaenda. Akiosha mwingine, haiendi. Akaniita ofisini akaniambia, "Kuanzia leo wewe ni fundi. Vyombo utaosha vyangu tu." Niliporudi nyumbani siku hiyo nilipiga magoti nikashukuru kwa dakika nyingi.

Maji ni adui, alikuwa akiniambia. Mara moja tu nilikosea. Nilikuwa na haraka, nikatumia flaski ambayo ilikuwa bado na unyevu shingoni, na kazi ya siku tatu ikafa mbele yetu, ikawa uji mweupe. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akaenda kusimama dirishani. Tangu siku hiyo nilikuwa nakausha vitu kama mtu anayelipia dhambi.

Sasa kulikuwa na msichana mmoja, mwanafunzi wa shahada ya pili chini ya Daktari. Mtoto wa huko kwetu Ukambani, mwembamba, anavaa kabuti la maabara la mwanaume na amekunja mikono mara tatu. Alikuwa ananiita Mama, si Mama Fulani, Mama tu, na saa nne tulikuwa tunakunywa chai pamoja kwenye korido. Yeye alikuwa ametafuta mwaka mzima kitu fulani ndani ya mizizi ya mti ambao nyanya yake alikuwa akiwapa watu wa homa. Amechimba, amesaga, amechemsha, amechuja. Mwisho akakipata, poda nyeupe kidogo, na akakiwekea bromini kwenye pete yake ya kaboni. Iliyotoka ilikuwa nusu gramu. Inakaa kwenye kichupa kidogo kuliko kidole changu.

Alichotaka ni kuiunganisha ile pete yake na pete nyingine, kaboni kwa kaboni. Kuna profesa Uingereza aliyemwandikia kwamba kama ataletewa kitu hicho kikiwa kimeungana, na mashine yao kubwa isome kweli kimeungana, atampa nafasi ya kusomea udaktari kwake. Lakini ilibidi kifike kabla mwezi haujaisha. Huku kwetu mashine kama hiyo hatukuwa nayo. Mwalimu mmoja wa jiolojia alikuwa anasafiri kwenda huko siku ya Jumamosi, na alikubali kukibeba.

Njia ya kuunganisha ilikuwa mpya wakati huo, imetoka Japani, Daktari alikuwa amepata nakala ya makala yake. Alituchorea ubaoni siku moja, mimi na msichana tumekaa mbele kama watoto wa nasari. Nitaieleza vile nilivyoielewa.

Kuna chuma kinaitwa paladiamu, ndugu wa dhahabu kwa bei. Kinakuja kama poda ya manjano kwa sababu kimevalishwa fosfini nne, kama mtu aliyevaa makoti manne. Ukikipasha moto ndani ya tolueni, kimiminika chenye harufu kama ya petroli, fosfini zingine zinaanguka, na paladiamu inabaki na nafasi mikononi. Hapo inaiona bromidi ya msichana, yaani ile poda yake yenye bromini. Inaingia katikati ya kaboni na bromini, inavunja kile kifungo, na inashika vyote viwili, mkono huu pete, mkono huu bromini. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza.

Hatua ya pili, pete nyingine. Hiyo inakuja imebebwa na boroni, kwenye kitu kinaitwa asidi ya boroniki. Boroni hiyo ni mpole, inakaa hewani, lakini haiachi pete yake ovyo. Lazima besi, kitu kama magadi, ije iiongezee mzigo. Boroni ikishalemewa hivyo, ndipo inaiachilia pete ivuke kwenda kwa paladiamu, na bromini inatoka, inaenda zake na sodiamu ya magadi. Sasa paladiamu imeshika pete mbili ubavu kwa ubavu.

Hatua ya tatu, pete mbili zinashikana zenyewe, zinaondoka pamoja. Paladiamu inabaki vile ilivyokuwa mwanzo, tayari kwa bromidi nyingine. Ndiyo maana unaweka kidogo tu, molekuli tatu kwa kila mia za bromidi, na hizo tatu zinazunguka kazi yote.

"Kwa hivyo yenyewe haipati kitu," msichana alisema.

"Inapata kurudia," Daktari akasema.

Mimi niliuliza ni nini inaweza kuiua. Ndilo swali langu siku zote. Akasema hewa. Oksijeni inazila fosfini, paladiamu inakosa cha kuvaa, inashikana yenyewe kwa yenyewe na inaanguka nyeusi kama masizi. Ikifika hapo ndio basi. Hakusema kuhusu maji, na mimi sikuuliza, kwa sababu kuhusu maji nilidhani najua.

Daktari alijaribu njia hiyo mara moja na vitu vya bei rahisi, ikakubali. Siku hiyo mimi sikuwepo, nilikuwa nimeenda ushago, kwetu Ukambani, kumzika shangazi.

Halafu chuo kikafungwa. Msichana alipanda ngazi akikimbia, sanduku mkononi, na huko chini zinasikika firimbi za askari. Akanipa kile kichupa.

"Mama, yote ndiyo hii. Sina nyingine."

"Daktari atafanya."

"Daktari anasafiri kesho kutwa, mkutano wake. Amesema wewe utafanya. Atakuandikia."

"Mimi?"

"Mama, nani mwingine?" Akanikumbatia, kabuti lile bado amelivaa, akashuka nalo. Nilimwona dirishani anapita getini katikati ya wenzake na hakuangalia juu.

Daktari aliniandikia ukurasa mmoja, mwandiko wake ule wa kulala. Teksi ilikuwa inamngoja. Gramu ngapi za hiki, ngapi za kile, naitrojeni, masaa sita ya kuchemka. Na katikati, mstari huu: magadi, yaani ile sodiamu kaboneti ya maabara, yayeyushwe kwenye maji, mililita chache, yatiwe ndani.

Wiki iliyofuata ndiyo niliyotengeneza asidi ya boroniki, peke yangu. Hiyo inaanza na magnesiamu, na hiyo magnesiamu ndiyo ile kazi inayokufa kwa tone la maji. Nilikausha kila kitu. Nikafanikiwa. Fuwele nyeupe, nzuri, nikazichuja nikazikausha. Hakuna wa kumwonyesha. Nikashuka mpaka getini nikamwambia askari, "Leo nimetengeneza asidi ya boroniki."

"Inaliwa na nini?" akaniuliza.

Jumatatu, siku tano kabla ya yule wa jiolojia kuondoka, nikaanza kazi yenyewe. Na nikausoma ule mstari wa maji mara nne. Mpaka leo nakumbuka nilivyofikiri. Nilifikiri, huyu mtu alikuwa na haraka. Teksi inapiga honi. Maji tunayotia siku zote ni mwisho, wakati wa kuosha. Ameyaandika mahali sipo. Mtu aliyenifundisha miaka yote kwamba maji ni adui hawezi kuniambia leo niyamimine juu ya nusu gramu ya mwaka mzima wa mtoto wa watu. Hakuna wa kumuuliza. Daktari yuko ng'ambo, msichana yuko kwa chifu wake, na kwenye korido hata panya walikuwa wameondoka. Nikaamua kumkosoa.

Nikayatia magadi kwenye oveni mpaka yakakauka kabisa, poda laini. Tolueni nilikuwa nimeikausha kwa waya wa sodiamu. Nikapima bromidi ya msichana. Asidi ya boroniki. Magadi makavu. Nikajaza naitrojeni kwenye bladda ya mpira wa miguu, ndiyo tuliyokuwa tukitumia, tumeifunga kwenye bomba la kioo juu ya kondensa ili hewa isipate pa kuingilia. Nikapuliza naitrojeni ndani ya tolueni nusu saa nzima. Mwisho paladiamu, manjano safi kama kiini cha yai la kienyeji, moja kwa moja kutoka friji. Nikawasha moto. Ilikuwa saa tatu na robo.

Kazi kama hiyo ni kukaa tu. Sumaku inazunguka chini, inagonga kioo tik tik, tolueni inapanda mvuke, inagonga baridi ya kondensa, inarudi matone. Niliimba nyimbo za kanisa mpaka nikaona haya kwa vile sauti yangu ilivyokuwa inajibiwa na ukuta. Saa sita nikachukua tone, kwa sindano kupitia mpira wa flaski, bila kufungua. Unalidondosha kwenye kibao chenye unga mweupe, unakisimamisha kwenye kimiminika kidogo, kinapanda, halafu unakimulika na taa ya zambarau ndani ya sanduku jeusi. Kitu kikiwa kimebadilika utaona doa jipya. Niliona la bromidi, mahali pake pale pale. La asidi ya boroniki, pale pale. Saa tisa, vile vile. Saa kumi nikazima, nikaiacha na bladda yake ya naitrojeni, nikaenda nyumbani.

Jumanne nilifunga, sikula. Nikawasha tena. Nilisema pengine ni mvivu huyu, anataka muda. Nilichukua tone kila saa, na vile vibao nikavipanga kwenye meza, vimefanana kama sare za shule. Maji ya ndani ya flaski, samahani, si maji, kile kimiminika, kilikuwa bado na rangi ya manjano hafifu, safi, hakina weusi. Hapo chini magadi yanazunguka kama mchanga.

Saa nane niliomba, na sikuomba vizuri. Niliomba kama mtu anayedai. Halafu nikakumbuka kwamba kwenye friji kuna paladiamu nyingine kidogo, kwenye chupa ile ile. Nikafikiri niongeze. Nilifika mpaka nikafungua friji. Na nitasema na jambo lingine, kwa sababu naandika ukweli: nilifikiri pia kwamba nikimwambia msichana bromidi yake ilikuwa na uchafu, angeamini. Hakuna aliyeniona. Hiyo nafasi ilikuwa wazi na nilisimama mlangoni mwake muda mrefu kuliko ningependa. Nikafunga friji. Nikazima moto. Getini askari akaniangalia.

"Mama Gesi, leo umenuna."

"Kuna kitu kimekataa."

"Kitu gani?"

"Sijui. Ndiyo maana nimenuna."

"Mke wangu akikataa huwa nampelekea samaki," akasema. Nilipita bila kujibu, na baadaye nikajuta, kwa sababu alikuwa anataka kuongea tu. Hata yeye geti lake lilikuwa tupu.

Jioni nikafungua mfungo wangu. Nilikuwa na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, na maharagwe, na nikawasha jiko. Bado nilikuwa napika sufuria ya watu watano. Mkono haujajifunza. Maharagwe yalikuwa ya zamani, magumu, kwa hivyo nikachukua jiwe la magadi kwenye kopo, lile tunalonunua sokoni, nikalivunja, na nikatia kwenye kikombe cha maji nikoroge, vile mama yangu alivyokuwa akifanya, vile kila mtu anavyofanya. Unayeyusha kwanza. Hakuna mwanamke anayerusha magadi makavu juu ya maharagwe makavu na kungojea yaive.

Nilisimama na kile kikombe.

Ya maabara na ya jikoni ni ndugu, ila ya maabara yamesafishwa. Na mimi nilikuwa nimeyarusha makavu ndani ya tolueni. Tolueni haiyeyushi magadi, siku mia haiyeyushi. Yalikuwa yanazunguka chini kama mchanga kwa sababu kule ndani yalikuwa ni mchanga. Besi haikufika kwa boroni. Boroni haikuongezewa mzigo, haikuachilia kitu. Na paladiamu, zile chache nilizotia, kila moja ilikuwa imefanya hatua ya kwanza kitambo, imeingia, imeshika pete ya msichana mkono huu na bromini mkono huu, na imesimama. Siku mbili nzima imesimama, inangojea mwingine aje, na mwingine hana wa kumleta. Nyeusi haikuwa. Ilikuwa nzima. Ilikuwa inangoja tu.

Nilikaa kwenye kiti. Sikulia kwa ajili ya kemia, sitadanganya. Nililia kwa sababu nilitaka kugeuka nimwambie mtu, "Ni maji!" na nyuma yangu kulikuwa na kabati.

Jumatano nilifika geti halijafunguliwa. Nikapima magadi mengine, nikayayeyusha kwenye maji safi yaliyotoneshwa, na maji yenyewe nikayapulizia naitrojeni kwanza nusu saa, kwa sababu hewa inajificha hata ndani ya maji, na hewa ndiyo ilikuwa adui wa kweli. Nikayavuta kwa sindano ndefu. Sindano ikiwa juu ya mpira wa flaski, nilisimama. Mkono wangu wa miaka yote hiyo ulikataa. Niliuambia kwa sauti, "Tia."

Maji yalishuka yakakaa chini, tolueni juu, tabaka mbili kama mafuta ya supu. Nikaongeza kasi ya sumaku mpaka zikachanganyika, nikawasha moto. Ilichemka mapema kuliko siku zile mbili, kwenye joto la chini, kwa sababu maji na tolueni zikiwa pamoja zinapanda haraka. Sikuimba. Baada ya saa moja nikachukua tone, nikalimulika.

Doa la bromidi lilikuwa limepungua. Na chini yake kidogo kulikuwa na lingine, ambalo halikuwapo duniani asubuhi ile, linang'aa buluu. Nilizima taa nikaiwasha tena. Bado lilikuwepo. Saa nane mchana doa la bromidi lilikuwa limekwisha kabisa, limebaki lile la buluu.

Alhamisi niliosha, nikapitisha kwenye mrija wa unga unaobakiza uchafu, nikapata fuwele. Ijumaa zilikuwa kavu. Hapo ukavu ulikuwa mahali pake. Nikaziweka kwenye kichupa kile kile cha msichana, nikampelekea mwalimu wa jiolojia kwake, na yeye akakitia kwenye mfuko wa shati akaendelea kutafuta soksi.

Kulikuwa na daftari la maabara, na ilibidi niandike. Ningeweza kuandika: siku ya tatu, magadi kwenye maji yakatiwa. Ni kweli na hakuna ambaye angeuliza. Nikakaa na kalamu. Halafu nikaandika kwa Kiingereza changu cha Pumwani kwamba Daktari aliandika maji, kwamba mimi sikuyatia, kwamba nilidhani amekosea, kwamba siku mbili zilipotea kwa sababu yangu. Nikatia sahihi. Kalamu ilikuwa nzito, lakini nilipofunga daftari nilienda nyumbani nikalala vizuri.

Daktari aliporudi alilisoma akiwa amesimama. Alirudia ukurasa ule.

"Nilidhani unajua," akasema.

"Na mimi nilidhani umekosea."

Akaenda kusimama dirishani. Nikajua kule kusimama kwake. Lakini safari hii mabega yake yalikuwa yanatikisika, na nikaona anacheka. "Miaka yote," akasema, "nimekufundisha jambo moja tu."

Mashine ya huko ilisoma kwamba pete zimeungana. Msichana akapata nafasi yake. Chuo kilikuwa bado hakijafunguliwa alipopewa ruhusa na chifu aje achukue makaratasi na pasipoti. Alikuja asubuhi moja, na gari la mjomba wake linangoja chini. Alisoma daftari, maana nilimwambia asome.

"Mama, kwa nini uliandika yote haya?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Kwa hivyo siku mbili ilikaa tu hapo?"

"Ilikaa. Nilizima nikawasha, nikazima nikawasha."

"Na haikufa." Aliligusa lile daftari na kidole. "Ungekuwa umeingiza hewa hata kidogo ingekufa, Mama. Mimi ningeingiza. Mimi ningefungua kila saa niangalie kwa nini inakataa."

Nilikuwa nimembebea muthokoi kwenye kopo, nimeifunga na kitambaa. Nilitaka tukae korido kama zamani. Honi ikalia. Akasema, "Nitaila kwa gari," akanikumbatia, na safari hii kabuti lile la maabara akalivua akaliacha kwenye msumari. Mikono ilikuwa bado imekunjwa mara tatu.

Flaski ile sikuwa nimeiosha. Baada ya kazi kuisha na hewa kuingia, paladiamu ilikuwa imeanguka, na kuta za ndani zilikuwa zimepakwa weusi mwembamba unaong'aa, kama kioo cha taa iliyowaka vibaya. Sabuni haiutoi. Unautoa kwa asidi mbili kali zikichanganywa, na unachotoa hakimwagwi, kinawekwa, maana ni mali. Nilikuwa na wakati wote ule na hakuna aliyekuwa ananiharakisha. Siku ile gari lilipoondoka niliiosha. Weusi ukayeyuka, ukawa rangi ya chai ya rangi, nikaumimina kwenye chupa ndogo nikaandika karatasi ya kubandika: paladiamu, imetumika, itarudishwa. Halafu nikasuuza flaski kwa maji mengi, nikaishika dhidi ya dirisha niangalie kama imetakata, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, sikuipeleka kwenye oveni mara moja. Niliiacha kwenye rafu ijichuruzikie yenyewe, nikachukua mfuko wangu mtupu, nikashuka.

"Mama Gesi," askari akasema, "kile kitu kilikubali?"

"Kilikubali."

"Kilikuwa kinataka nini?"

"Maji."

Akanivutia kile kiti chake cha mbao, akaketi yeye kwenye jiwe. "Haya basi, kaa unieleze," akasema. Barabara ilikuwa tupu na jua lilikuwa bado juu. Nikakaa.